HDR kwenye skrini ya kompyuta: uchague ya DisplayHDR 400, ya mini-LED au ya OLED?

Skrini mbili zinaweza kuandikwa HDR kwenye boksi na bado zisifanane hata kidogo. Ya kwanza inakuonyesha taa ya barabarani usiku iking'aa mpaka unakunja jicho, huku kichochoro kilicho nyuma yake kikibaki cheusi tii. Ya pili inakuonyesha picha hiyohiyo ikiwa kama kitambaa kilichoanikwa juani msimu mzima: nyeusi imegeuka kijivu, rangi zimechujuka, na mtu anajiuliza kwa nini aliiwasha HDR. Ulinganisho huu ni wa yule anayetaka kununua na amekwama kati ya aina tatu zinazouzwa kwa jina hilo moja, na pia wa yule ambaye tayari anayo skrini na anaona picha imepauka.

HDR inabadilisha nini hasa

Katika picha ya kawaida, yaani SDR, namba ya juu kabisa ya rangi haimaanishi kiasi maalumu cha mwanga. Inamaanisha tu "nyeupe kadiri skrini yako iwezavyo". Ukipandisha mwangaza, picha nzima inapanda. Ukiushusha, nzima inashuka.

HDR10, aina iliyoenea zaidi kwenye kompyuta, inafanya kazi kwa namna nyingine. Inatumia kanuni iitwayo PQ, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 2014 kwa jina la SMPTE ST 2084, ambamo kila namba inasimama badala ya kiasi kamili cha mwanga kinachopimwa kwa niti, kuanzia sifuri hadi niti 10,000. Filamu za SDR hutengenezwa kwa kudhani kwamba nyeupe ni niti 100 hivi. Katika HDR, ripoti ya kimataifa BT.2408 inaiweka nyeupe ya karatasi kwenye niti 203, na nafasi yote inayobaki juu yake ni ya vitu vinavyotoa au kuakisi mwanga mkali: taa, cheche, jua juu ya maji, ukingo wa chuma.

Hapa ndipo wengi hupotoshwa na matangazo. HDR haikuundwa ili kila kitu king'ae zaidi. Katika filamu iliyotengenezwa vizuri, uso wa mtu, ukuta na nguo hubaki karibu na pale vilipokuwa kwenye SDR, na mwanga wa ziada huenda kwenye sehemu ndogo tu. Kwa hiyo skrini inayotakiwa si inayong'aa sana kwa ujumla. Ni ile inayoweza kutoa mwanga mkali mahali pamoja na giza nene mahali pengine, vyote ndani ya picha moja na kwa wakati mmoja.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza, nacho ndicho kikubwa kuliko vingine vyote, ni kontrasti ndani ya picha moja: giza linabaki kuwa giza kiasi gani wakati kuna kitu kinachong'aa kando yake? Cha pili ni kilele cha mwanga na ukubwa wa eneo linaloweza kukifikia. Cha tatu ni hali ya skrini kwenye kazi za kila siku, yaani maandishi, kurasa za mtandao na majedwali, kwa sababu saa nyingi za kompyuta huishia huko. Cha nne ni chumba chako, kwa kuwa mwanga unaoangukia kioo huongezeka juu ya kila nyeusi, iwe ya bei gani.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue picha moja tuipitishe kwenye skrini zote. Ni kichochoro usiku: pembe yenye giza ina niti 0.05, uso wa mtu aliyesimama una niti 5, na taa iliyo juu yake ina niti 800. Hizo ndizo namba ambazo video ya HDR inaziomba kutoka kwenye skrini.

Skrini ya DisplayHDR 400 isiyo na kanda za mwanga

Shirika la VESA lilianzisha alama za DisplayHDR Desemba 2017, na 400 ndiyo ngazi ya chini kabisa. Skrini nyingi zenye alama hiyo ni za IPS, aina ya kawaida ya kioo cha LCD, na zina taa moja ya nyuma inayopanda na kushuka kwa kioo chote kwa pamoja. Masharti ya awali ya ngazi hii hayakudai kanda za mwanga zinazodhibitiwa moja moja.

*Kontrasti.* IPS ya kawaida huzuia mwanga kwa uwiano wa takriban 1,000 kwa 1. Maana yake nyeusi yake haiwi nyeusi. Ni mwanga wa taa ya nyuma uliogawanywa kwa elfu moja. Sasa tuiangalie ile picha yetu. Taa ya kichochoro inahitaji niti 800 na skrini inaweza 400, kwa hiyo taa ya nyuma inapandishwa mpaka mwisho. Niti 400 ukigawa kwa 1,000 unapata 0.4. Ile pembe iliyotakiwa kuwa na niti 0.05 haiwezi kushuka chini ya 0.4, yaani ni angavu mara nane ya inavyopaswa. Skrini hiyohiyo ikiwa kwenye SDR, mwangaza ukiwa niti 120, nyeusi yake ingekuwa 0.12. Kwa kuwasha HDR, giza limepanda zaidi ya mara tatu, na faida uliyopata ni taa iliyofika nusu ya kilele kilichoombwa. Picha imepauka bila kosa lolote la mipangilio. Hicho ndicho kioo kinachoweza.

*Kilele.* Niti 400, na zinaweza kujaza sehemu kubwa ya kioo bila shida. Kwenye picha za mchana, kama pwani, uwanja wa mpira au anga lenye mawingu, skrini hii haifanyi vibaya. Hakuna giza la kuharibu, na rangi pana za HDR huonekana kama kioo kinaziweza. Ni haki kuitaja faida hiyo, maana wanaoisema vibaya aina hii mara nyingi huwa wameijaribu kwa picha za usiku peke yake.

*Kazi za kila siku.* Nzuri kabisa, mradi HDR imezimwa. Maandishi ni makali, hakuna hofu ya alama za kudumu zinazoachwa na picha isiyosogea, na mwangaza wa niti 400 husaidia kwenye chumba chenye dirisha kubwa.

*Inamfaa nani.* Anayetaka skrini nzuri ya SDR na kwa bahati inapokea ishara ya HDR. Ichague kwa sababu ya rangi zake, kasi yake au ubora wa kioo chake, kisha uichukulie alama ya HDR kama kitu kisicho na uzito. Ikiwa kati ya skrini mbili zinazofanana hiyo alama ndiyo inayoongeza bei, chukua isiyo na alama.

Kuna kundi la katikati, DisplayHDR 600, ambalo mara nyingi hutumia taa za ukingoni zilizogawanywa kwenye mistari michache ya wima. Mwangaza unatosha zaidi, lakini taa ndogo ikitokea katikati ya giza, mstari mzima kutoka juu hadi chini unawaka pamoja nayo. Wengine hawaoni tatizo. Mimi mstari huo unanisumbua kuliko kijivu cha kioo chote, kwa sababu unatembea kila kitu kinapotembea.

Skrini ya mini-LED yenye kanda nyingi

Hapa nyuma ya kioo kuna taa ndogo nyingi zilizopangwa kwa safu na kugawanywa katika kanda, na kila kanda inaweza kupandishwa au kuzimwa peke yake. Kanda 576 au 1,152 ni idadi za kawaida kwenye skrini za inchi 27 na 32.

*Kontrasti.* Tuichukue skrini ya inchi 27 ya 4K yenye kanda 1,152, tuseme zimepangwa 48 kwa upana na 24 kwa urefu. Kila kanda inabeba pikseli 80 kwa 90, yaani pikseli 7,200, na kwenye kioo ni kipande cha sentimita moja na robo hivi kila upande. Kwenye picha yetu, kanda za pembe yenye giza zinazimwa karibu kabisa, nazo niti 0.05 zinapatikana bila taabu. Taa inafika niti 800. Tatizo liko mpakani. Kanda iliyobeba taa inawaka kwa nguvu zote, na pikseli nyeusi zilizomo ndani ya kanda hiyohiyo haziwezi kuuzuia mwanga wote. Kama kioo ni IPS, giza linaloigusa taa lina niti 0.8, kama ni VA, aina nyingine ya kioo cha LCD ambayo huzuia kwa uwiano wa 3,000 kwa 1 hivi, lina 0.27. Huo ndio uwingu unaozunguka manukuu meupe, nyota au kishale cha kipanya kwenye ukurasa mweusi.

Jicho husaidia hapa. Likiangalia taa kali, lenyewe hupoteza uwezo wa kuona giza lililo kando yake, kwa hiyo uwingu unaozunguka taa kubwa hauonekani sana. Unaonekana pale kitu cheupe kinapokuwa chembamba na mandhari yote ni nyeusi. VA hupunguza uwingu lakini ina gharama yake: pikseli zake hutoka kwenye nyeusi polepole, na katika gemu za kasi utaona vivuli vikiburuta mkia mweusi.

*Kilele.* Hapa mini-LED inaongoza. Nyingi hufika niti 1,000 au zaidi, na haziishii kwenye kipande kidogo. Theluji inayojaza kioo chote, mlipuko, jangwa la mchana: vyote vinabaki na nguvu.

*Kazi za kila siku.* Zima kanda unapofanya kazi za maandishi. Skrini nyingi zina chaguo hilo kwenye menyu yao, na bila kulizima utaona mwangaza wa dirisha ukibadilika unapolihamisha, au kijivu cha majedwali kikicheza. Kanda zikishazimwa ni IPS au VA ya kawaida, isiyo na hofu ya alama za kudumu hata mwambaa wa kazi ukikaa mahali pamoja mwaka mzima.

*Inamfaa nani.* Anayekaa kwenye chumba chenye mwanga, anayetumia skrini moja kwa kazi za saa nyingi pamoja na filamu au gemu, na anayependa nguvu ya mwanga kuliko usafi wa giza.

Skrini ya OLED

*Kontrasti.* Hakuna taa ya nyuma. Kila pikseli inawaka yenyewe na inaweza kuzimika kabisa, hata kama pikseli jirani iko kwenye kilele. Alama ya VESA kwa aina hii ni DisplayHDR True Black, iliyoongezwa Januari 2019, na ngazi yake ya 400 inataka nyeusi isizidi niti 0.0005. Kichochoro chetu kinaonekana karibu kama kilivyoombwa: pembe ina 0.05, uso una 5, taa ina 800, na mpakani hakuna uwingu wowote. Ndiyo maana OLED yenye namba 400 inaipita kwa mbali IPS yenye namba hiyohiyo. Anayelinganisha namba tu ataziona sawa.

*Kilele.* Hapa ndipo ilipofungwa. Skrini nyingi za kompyuta za OLED hufika niti 1,000 kwenye kipande kidogo, asilimia chache tu ya kioo. Nyeupe ikijaza kioo chote hushuka hadi niti 250 hivi, kwa sababu umeme na joto vina mpaka wake. Uwanja wa theluji utaonekana hafifu kuliko kwenye mini-LED, na unapolifungua dirisha jeupe kutoka dogo hadi kubwa unaweza kuliona likififia mbele ya macho yako.

*Kazi za kila siku.* Mpangilio wa pikseli ndogo kwenye OLED nyingi si ule ambao mifumo ya kompyuta imezoea, kwa hiyo kingo za herufi zinaweza kuwa na rangi kidogo, hasa pale pikseli zinapokuwa kubwa. Kwenye 4K ya inchi 27 au 32 tatizo hilo hupungua sana. Alama za kudumu ni suala la kweli kwa mtu anayeacha majedwali yaleyale wazi siku nzima kwa miaka. Si suala kubwa kwa mtu wa filamu na gemu za aina mbalimbali.

*Chumba.* Nyeusi ya OLED ni nyeusi gizani. Kwenye chumba chenye mwanga, zile aina za QD-OLED hasa huakisi mwanga kiasi kwamba nyeusi inakuwa kijivu chenye zambarau kidogo, na ile faida uliyoilipia inaliwa na dirisha lililo nyuma yako.

*Inamfaa nani.* Anayetazama jioni, taa zikiwa hafifu, na anayeumizwa na uwingu wa aina yoyote.

Picha ikipauka, chanzo kiko wapi?

Kabla ya kuilaumu skrini au kununua nyingine, tafuta ni lini picha inapauka. Kuna hali tatu, na kila moja ina sababu yake.

Hali ya kwanza: unawasha HDR kwenye Windows, na dawati lenyewe linapauka kabla hujafungua video yoyote. Hapa unatazama SDR iliyotiwa ndani ya HDR. Mfumo hauna budi kuamua nyeupe ya dirisha iwe niti ngapi, na uamuzi huo uko kwenye kitelezi kiitwacho `SDR content brightness`, ndani ya Settings, System, Display, HDR. Kwenye skrini ya nje, sifuri ya kitelezi ni niti 80 na kila hatua inaongeza niti 4, hadi 480 kwenye 100. Kwa hiyo 10 inakupa niti 120, inayofaa chumba cha jioni, na 30 inakupa niti 200, inayofaa chumba cha mchana. Ukikiacha juu sana kwenye skrini isiyo na kanda, kila kitu kitang'aa kupita kiasi.

Lakini hata kitelezi kikiwa sawa, vivuli vinaweza kubaki vyepesi. Skrini nyingi kwenye SDR hugeuza namba kuwa mwanga kwa gama ya 2.2, ilhali Windows ikiwa kwenye HDR hutumia kanuni ya sRGB kwa madirisha ya SDR. Kanuni hizo mbili zinakaribiana katikati, ila chini kabisa zinaachana. Kijivu cheusi chenye thamani ya 10 kati ya 255, nyeupe ikiwa niti 200, kinapata niti 0.16 kwa gama ya 2.2 na niti 0.61 kwa sRGB. Ni karibu mara nne. Hii inatokea hata kwenye OLED bora, ndiyo maana mtu mwenye skrini nzuri kabisa anaweza kulalamika kwamba filamu ya SDR inaonekana nyepesi HDR ikiwa imewashwa. Dawa rahisi ni kuiacha HDR imezimwa na kuiwasha unapoihitaji tu, kwa vitufe vya Windows, Alt na B vikibonyezwa pamoja.

Kuna upauko mwingine wa dawati ambao si kosa. Skrini yenye rangi pana, ikiwa kwenye SDR bila mpangilio wa sRGB, huvuta rangi zote kupita kiasi: nyekundu ya kawaida inakuwa kali. Ukiwasha HDR, Windows inazirudisha rangi hizo mahali pake, na jicho lililozoea ukali linaona zimefifia. Kinachoonekana sasa ndicho sahihi. Mpe jicho siku kadhaa kabla ya kuamua.

Hali ya pili: dawati ni zuri, lakini gemu au filamu ya HDR inapauka. Anza kwa kuipa Windows vipimo vya kweli vya skrini yako. Programu ya Microsoft iitwayo Windows HDR Calibration inakuonyesha michoro mitatu ya mraba: ya giza la chini kabisa, ya kilele kwenye eneo dogo, na ya kilele kwenye kioo chote. Unasogeza kitelezi mpaka mchoro uliofichwa usionekane tena, kisha unahifadhi. Gemu nyingi nazo zina mipangilio yake: weka kilele kwenye namba ya skrini yako, si zaidi, na nyeupe ya karatasi karibu na niti 200 au chini yake gizani. Gemu ikidhani skrini ni ya niti 4,000 wakati ni ya 400, mawingu na miali itapoteza umbo lake.

Kisha fanya jaribio la kanda. Usiku, zima taa za chumba, washa HDR, jaza kioo kwa nyeusi na utembeze kishale cheupe. Kioo chote kikiwa kijivu cha aina moja, kishale kikienda popote, skrini haina kanda, na hakuna mpangilio utakaoiokoa kwenye picha za usiku. Ukiona mstari mzima ukiwaka, ina taa za ukingoni. Ukiona duara dogo linalomfuata kishale, ni mini-LED. Usipoona chochote zaidi ya kishale, ni OLED. Kama kwenye mini-LED unaona kijivu cha kila mahali, angalia menyu ya skrini yenyewe, kwa maana inawezekana kanda zimezimwa.

Filamu ikiwa si ya kijivu ila ni nyeusi mno mchana, kumbuka PQ inaomba niti kamili, na filamu hutengenezwa kwa ajili ya chumba chenye mwanga hafifu. Skrini nyingi hufunga kitelezi chake cha mwangaza HDR ikiwashwa, kwa hiyo huwezi kuipandisha kama ulivyozoea. Hapo pazia lina msaada kuliko mipangilio.

Hali ya tatu: HDR imezimwa, lakini video fulani inaonekana ya kijivu na isiyo na uhai. Video hiyo ni ya HDR na kichezeshi kinaisoma kama SDR. Hesabu yake inaeleweka. Nyeupe ya niti 203 kwenye PQ imeandikwa kama asilimia 58 ya ishara, na skrini ya SDR ikiisoma kwa gama ya 2.2 inatoa asilimia 30 tu ya mwangaza wake: nyeupe imekuwa kijivu. Kivuli cha niti 1, ambacho kilitakiwa kuwa nusu ya asilimia moja ya nyeupe hiyo, kinatoka kikiwa asilimia 5 yake. Nyeupe imeshuka, giza limepanda mara kumi, na rangi nazo zimebanwa. Kama una programu ya ffprobe, hakikisha hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=color_transfer,color_primaries video.mkv
```

Ukiona `smpte2084` ni PQ. Ukiona `arib-std-b67` ni HLG, aina ya HDR iliyobuniwa kwa utangazaji wa runinga. Kwa zote mbili tumia kichezeshi kinachojua kuigeuza HDR kuwa SDR, kama mpv, ambacho hufanya hivyo chenyewe. Mara nyingi filamu hiyo, ikigeuzwa vizuri kwenye skrini nzuri ya SDR, itapendeza kuliko ikichezwa kama HDR kwenye DisplayHDR 400 isiyo na kanda.

Kwa hali yako

Kama kazi yako ni maandishi, msimbo au majedwali na filamu ni za mwisho wa wiki tu, nunua IPS nzuri na uiache kwenye SDR. Isipokuwa ungependa filamu hizo chache ziwe na uzito wa kweli. Hapo tafuta mini-LED ambayo kanda zake zinazimika kirahisi kutoka kwenye kitufe kimoja.

Kama unacheza gemu usiku, chumba kikiwa na giza, na picha hubadilika kila mara, OLED itakupa kile ambacho kanda 1,152 haziwezi. Ukicheza gemu moja yenye vibao visivyosogea saa nane kwa siku, fikiria mini-LED ya IPS.

Kama meza yako iko mbele ya dirisha na huwezi kuihamisha, mini-LED yenye kioo cha kuzuia mng'ao ndiyo inayobaki na nguvu mchana. OLED hapo itafanya kazi, lakini utakuwa umelipia giza usiloliona.

Kama unahariri video za HDR kwa ajili ya watu wengine, OLED inakuonyesha vivuli kwa uaminifu na mini-LED inakuonyesha picha angavu za kioo kizima bila kufifia. Angalia kazi zako nyingi ni za aina gani, na uhakikishe skrini ina mpangilio wa HDR unaofuata PQ bila kuongeza chumvi yake.

Na kama tayari unayo DisplayHDR 400, usiiuze kwa sababu ya makala hii. Izime HDR kwenye dawati, ijaribu kwenye picha za mchana tu, na kwa filamu za usiku iache kwenye SDR, mwangaza ukiwa niti 120 hivi.